Kichujio cha Hesabu Kinachokata Mapema

Rezista moja na kapasita moja huzuia sauti nyembamba na kupitisha nzito. Tukitaka kompyuta ifanye kazi hiyo kwa hesabu, tunachukua mlinganyo wa sakiti hiyo, 1/(s+1), na mahali pa s tunaweka:

```
s = (1/K)(z-1)/(z+1)
```

Tuseme sauti inapimwa mara 8000 kwa sekunde, nasi tunataka kukata kwenye hezi 1000. Hapa ndipo wengi huteleza. Ubadilishaji huu huchukua masafa yote ya sakiti, yasiyo na mwisho, na kuyabana chini ya hezi 4000, kwa hiyo kipimo kinapinda. Ukiweka K = π·1000/8000, yaani 0.3927, kichujio kitakata kwenye hezi 953 hivi. Ungetaka 3000, ungepata 2208, kosa ambalo hata sikio hulisikia.

Dawa ni kupinda mapema kwa tangenti: K = tan(π/8) = 0.4142. Kinachobaki ni mstari mmoja:

```
y[n] = 0.2929*(x[n] + x[n-1]) + 0.4142*y[n-1]
```

Y ya nyuma inarudi ndani, ndiyo maana mwangwi wake hufifia polepole bila kukatika ghafla.

Tangenti hunyoosha nukta moja tu. Kwingineko mpindo unabaki, na kwenye hezi 4000 sauti hufa kabisa, jambo ambalo sakiti halisi haifanyi. Ili kuhakiki, pitisha wimbi la hezi 1000: likitulia, kimo chake kiwe 0.707 ya kilichoingia.