Netiweki Imejaa, Intaneti Haitembei

Barua nyingi za wahandisi wa umeme waliohitimu karibuni hufanana: mwombaji ni mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Mkuu wa kitengo cha redio katika kampuni ya simu hapati hapo cha kushika. Anatafuta mtu wa kupanga antena za minara ili simu zisikie vizuri, na hilo linaweza kuonekana katika aya moja tu. Tuchukue mhitimu wa kubuni, aliyefanya mradi wake wa mwaka wa mwisho Dar es Salaam, mtaa wa bondeni:

“Wakazi walilalamika kuwa netiweki imejaa lakini video hazifunguki. Nilipita barabara ya mtaa huo na simu yenye programu ya kupimia. Palipokuwa pabaya zaidi, RSRP ilisoma -82 dBm na SINR 0 dB. Mnara wa pili uliosikika, kwa -83 dBm, uko mlimani, kilomita nne kutoka hapo. Napendekeza antena yake iinamishwe nyuzi mbili, kisha vipimo virudiwe.”

RSRP ni nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye simu, na -82 ni nguvu nzuri. Shida huanza karibu na -110. SINR hulinganisha mawimbi unayoyahitaji na kelele pamoja na mwingiliano wa minara mingine. Ikifika sifuri, vurugu imelingana na sauti, kama kuongea na mwenzako huku jirani akipaza sauti ileile sikioni mwako. Ndiyo maana simu inaonyesha netiweki kamili na bado intaneti inajikokota. Kama tatizo lingekuwa msongamano wa watumiaji, kwa kawaida SINR ingebaki nzuri na kasi ingeanguka zaidi jioni, watu wakisharudi nyumbani. Mwombaji akiongeza sentensi kwamba alipima pia alfajiri na SINR bado ikawa mbaya vilevile, msomaji wake ataelewa kwamba alifikiria hilo.

Tazama pia neno “napendekeza”. Mwanafunzi haruhusiwi kugusa antena ya kampuni, na anayeandika “niliboresha mtandao” ataulizwa kwa ruhusa ya nani. Vilevile aseme wazi kwamba alitumia simu moja ya kawaida, maana simu mbili zikiwekwa meza moja huweza kusoma tofauti. Alama za masomo zikae kwenye wasifu. Ramani ya vipimo, ukurasa mmoja, iambatane na barua.

Kwenye usaili swali litakalofuata linajulikana: ukiinamisha zaidi itakuwaje? Nyumba zilizo pembezoni mwa eneo halali la mnara ule wa mlimani zinaweza kubaki bila netiweki kabisa. Kwa hiyo vipimo vya kurudia vifanyike bondeni na pia huko pembezoni, na RSRP ya huko ikishuka kuelekea -110, antena irudishwe nyuzi moja.