Geti Lisiloisubiri Benki

Mtandao ukisumbua jioni dukani, mwenye noti anachukua sukari yake anaondoka. Mwenye M-Pesa anabaki akiinua simu juu kutafuta mnara. Simu yake haina hela ndani. Salio analolisoma kwenye kioo limeandikwa kwenye kompyuta za kampuni, na kila malipo ni ombi la kuziambia kompyuta hizo zipunguze huku, ziongeze kule. Ombi lisipofika, hakuna kilicholipwa.

Hata hivyo yapo malipo ya kielektroniki yanayopita bila kusubiri mtandao, na mfano ulio wazi zaidi uko London. Mabasi ya jiji hilo yalianza kupokea kadi za benki za kugusisha Desemba 2012, na treni za chini ya ardhi zikafuata Septemba 2014. Abiria hana haja ya tiketi. Anagusisha kadi yake ya kawaida ya benki, geti linafunguka, anapita. Mamlaka ya usafiri ya jiji ilitaka kazi yote hiyo iishe ndani ya nusu sekunde, maana geti likisitasita kidogo tu asubuhi, watu wanarundikana hadi kwenye ngazi. Benki yenyewe inaweza kuwa Manchester au Toronto. Hakuna nafasi ya kuipigia na kungoja jibu, kwa hiyo geti linaamua lenyewe.

Jambo la kwanza ni kujua kama kadi ni halisi. Ndani ya chipu kuna ufunguo wa siri, namba ndefu sana ambayo chipu haiitoi nje kwa yeyote. Geti linatunga namba ya kubahatisha papo hapo na kuipa kadi. Kadi inaitia sahihi kwa ufunguo wake na kuirudisha, pamoja na cheti kinachowezesha sahihi hiyo kukaguliwa. Cheti cha kadi kimethibitishwa na benki iliyoitoa, na cheti cha benki kimethibitishwa na kampuni ya kadi, kama Visa au Mastercard. Geti halihitaji kuijua benki yako. Linahitaji tu funguo za ukaguzi za kampuni hizo chache, nazo zilishawekwa ndani yake mapema. Aliyenakili taarifa za kadi yako jana hawezi kupita nazo leo, kwa kuwa namba ya kubahatisha imebadilika na yeye ufunguo wa siri hana.

Kisha geti linaangalia kama kadi imekwisha muda wake, na kama imo kwenye orodha ya kadi zilizozuiwa, ambayo hutumiwa mageti mara kwa mara.

Kitu ambacho geti halikijui ni kama akaunti ina hela. Chukua abiria ambaye akaunti yake ni tupu. Jumatatu asubuhi anagusisha kwenye basi, kadi ni halisi, haimo kwenye orodha, anakaa kitini. Taarifa za mguso wake zinafika kwenye kompyuta kuu baadaye. Nauli za siku nzima hujumlishwa, na benki huombwa ilipe kwa mkupuo mmoja. Benki ikisema hapana, kadi inaingizwa kwenye orodha ya kuzuiwa, na safari inayofuata anakuta taa nyekundu mpaka alipe deni. Ameshasafiri, lakini kilichopotea ni kidogo: mwaka 2025 nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75. Mamlaka na kampuni za kadi zilikubaliana tangu mwanzo hasara ya safari hiyo ya kwanza ibebwe vipi. Ukitaka kuuelewa mfumo wowote wa aina hii, anza na makubaliano hayo. Hesabu za siri huja baadaye.

(Anayekwenda London ajue hili pia: kadi na simu iliyounganishwa na kadi hiyo hiyo huonekana kwa geti kama vitu viwili, kwani simu hutumia namba yake tofauti. Ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi, umefanya safari mbili zisizokamilika, na kila moja inatozwa nauli ya juu kabisa.)

Ndani ya ndege, tahadhari iko kwenye kadi yenyewe. Mhudumu anapouza soda na biskuti angani, mashine yake mara nyingi haina mawasiliano, na chipu ndiyo inayotoa uamuzi kwa maagizo iliyoachiwa na benki. Chipu nyingi za aina hii zina kihesabio cha malipo yaliyofanyika bila benki kuulizwa, na jumla ya fedha zake. Tuseme benki imeweka mipaka miwili, malipo matatu na malipo matano. Baada ya matatu, kadi huanza kudai benki iulizwe; ikishindikana, bado inaweza kukubali. Ikifika matano inakataa kabisa, hata kama akaunti imejaa. Mwenye kadi akishuka na kulipa mahali penye mtandao, benki inajibu na vihesabio vinaweza kurudishwa sifuri. Ndiyo maana kadi iliyokataliwa angani hufanya kazi vizuri kwenye duka la uwanja wa ndege. Kadi nyingi za kulipia kabla, kwa upande wao, zimeagizwa zisikubali chochote bila benki, kwa hiyo angani hazifai tangu malipo ya kwanza.

Risiti nyingine huonyesha kilichotokea. Y1 ni kwamba malipo yalikubaliwa hapo hapo bila benki. Y3, mashine ilijaribu kuifikia benki ikashindwa, kadi ikakubali. Z3, ilishindwa na kadi ikakataa.

India walipita njia nyingine. Januari 2022 benki kuu yao ilitoa kanuni za malipo madogo yasiyo na mtandao: yasizidi rupia 200 kwa mara moja, na kiasi kinachotumika hivyo kisizidi rupia 2,000 mpaka mtumiaji aongeze salio akiwa mtandaoni. Desemba 2024 mipaka ya pochi ya simu iitwayo UPI Lite ilipandishwa hadi rupia 1,000 na 5,000. Hapa fedha hutengwa kutoka akaunti kabla ya matumizi, kwa hiyo hofu ya akaunti tupu haipo. Hofu inayobaki ni ya mjanja anayejaribu kutumia rupia zile zile mara mbili, kwa wauzaji wawili wasiowasiliana. Ndiyo sababu ya mipaka kuwa midogo: hata akifaulu, atakachokipata hakilingani na taabu yake.

Kuna huduma ya nne inayojiita pia malipo bila mtandao, na nadhani jina hilo linawapotosha wenye maduka. Mashine nyingine, mtandao ukikatika, huchukua taarifa za kadi na kuzihifadhi ili zitumwe baadaye. Kioo kinaonyesha kuwa malipo yamepokelewa, lakini benki haijaulizwa, wala si lazima kadi iwe imetoa idhini yoyote. Mtandao unaporudi, mashine inatuma yote, na yale ambayo benki itayakataa kwa kawaida ni hasara ya muuzaji. Mteja na bidhaa wameshaondoka. Kabla ya kuiwasha huduma hiyo, mwenye duka aulize inaruhusu kiasi gani kwa kila malipo, taarifa zinapaswa kutumwa ndani ya saa ngapi, na mashine ikizimika au ikiibwa kabla ya hapo, malipo yaliyomo yanakwenda wapi.