Sentensi ya Kwanza Hupimwa kwa Sikio la Mwingine

Msimulizi wa hadithi akisema "Paukwa!" na sauti mbili tatu za usingizi zikajibu "Pakawa," haanzi. Anarudia kwa nguvu zaidi, pengine anamtaja kwa jina mtoto aliyejilaza pembeni, mpaka baraza zima liitikie. Hapo ndipo anapoingia kwenye hadithi. Ana bahati ambayo mwandishi wa makala hana, maana anajua papo hapo kama wasikilizaji wamo au hawamo. Msomaji anayefunua ukurasa, akasoma sentensi moja na kuuacha, hatoi sauti yoyote. Kwa hiyo mwandishi hana budi kulitafuta itikio lake mapema, makala ikiwa bado mezani.

Tatizo linaanzia shuleni. Tulifundishwa kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na wengi tukaelewa kuwa utangulizi ni mahali pa kutangaza tutakachosema. Kisha tukajifunza barua rasmi, yenye neno YAH na mada kwa herufi kubwa juu ya maelezo. Kwa barua hilo ni jambo jema, kwa sababu karani anataka kujua faili gani lifunguliwe. Lakini makala ya gazeti au jarida tayari ina YAH yake: kichwa cha habari, picha, na maelezo yaliyo chini ya picha. Msomaji akifika kwenye sentensi ya kwanza, mada ameshaambiwa mara mbili au tatu. Kumtangazia tena ni kumweka mlangoni.

Na wala si kweli kwamba kukaribisha ni mtindo wa kigeni. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alikuwa na wosia wa kumwachia binti yake kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa. Hakuanza kwa kueleza umuhimu wa adabu. Alianza kwa kumwita binti asogee karibu asikilize, akamwambia kuwa ameugua kwa mwaka mzima, akamtaka aje na wino na karatasi. Neno wosia limo, hakulificha, lakini limekuja pamoja na mama mgonjwa na mtoto anayesogea. Msomaji naye anajikuta amesogea.

Sasa tuchukue makala moja tuifanyie kazi. Tuseme mwandishi amerudi kutoka pwani ya mashariki ya Unguja, vijiji vya Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Daftari lake limejaa. Wakulima wengi ni wanawake. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, wakifanya kazi maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua. Aina yenye bei nzuri, inayoitwa kotonii, inakufa maji yanapopata joto kupita kiasi, ilhali spinosamu inayostahimili zaidi hulipwa kidogo. Baadhi ya wakulima wanajaribu kuhamishia kotonii kwenye kina kirefu, kwenye maji ya baridi zaidi. Hilo la mwisho ndilo makala inalotaka kusema.

Anakaa na kuandika: "Mwani ni zao muhimu linalolimwa Unguja na Pemba na lina mchango mkubwa katika kuinua kipato cha wanawake." Sentensi haina kosa la sarufi wala uongo. Jaribio la kwanza, ambalo halihitaji mtu mwingine, ni kulitoa jina la mada na kuweka jingine. Weka ufinyanzi mahali pa zao la mwani, weka ushonaji, weka ufugaji wa kuku, na mahali pa Unguja na Pemba weka mkoa wowote: mchango mkubwa unabaki, kipato kinainuka vilevile. Sentensi inayokubali mada yoyote haijagusa mada yake. Pia ukiifuta, aya inayofuata haitikisiki. Dalili hizo mbili zikionekana pamoja, huna sababu ya kuisugua sentensi hiyo, itupe.

Anajaribu methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inaonekana kufaa, maana mkulima wa mwani anainama kweli. Lakini msomaji wa Kiswahili huimalizia methali kabla ya jicho kufika mwisho wake, kisha huruka. Methali ikikaa katikati ya makala, mdomoni mwa mtu anayeihitaji, hufanya kazi. Mlangoni huwa pambo.

Anajaribu swali: "Je, unajua kwamba dawa ya meno uliyotumia leo asubuhi huenda ina kitu kilichotoka kwenye mwani?" Hili lina ukweli, kwa kuwa mwani hutolewa kitu cha kufanya vimiminika viwe vizito, nacho hutumiwa katika dawa za meno na vyakula kadhaa. Lina mvuto pia. Kwa hapa ndipo jaribio la pili linapohitajika, na hili lazima liwe na mtu.

Jaribio lenyewe ni hili. Tafuta mtu asiyejua unachoandika. Msomee sentensi ya kwanza peke yake, au afadhali mpe karatasi aisome yeye kwa sauti, kisha muulize: "Unadhani inafuata nini?" Usimuulize kama ni nzuri. Kwetu ukimwuliza mtu kama kazi yako ni nzuri, adabu inamlazimu kusema hongera, na hongera haina habari ndani yake. Swali la kinachofuata halimbani kwa adabu, kwa kuwa hatoi hukumu, anabashiri tu. Akishauliza au kubashiri, nyamaza. Ukianza kueleza "nilikuwa na maana kwamba," umeshaliharibu jaribio. Msomaji wa gazeti hatakuwa na wewe pembeni. Na mtu huyo usimrudie kwa makala hiyohiyo, maana sasa anaijua mada na hawezi tena kuwa mgeni.

Majibu huja kwa namna chache. Akisema "utaeleza faida za mwani," ujue umetangaza, kwa sababu anajua umbo la makala nzima na hana haja nayo. Akisema "sijui" huku akiinua mabega, umemficha mno. Akiuliza jambo mahususi, ameingia. Lakini hapo pana mtego: lazima jambo analouliza liwe lile ambalo makala inajibu. Kwa sentensi ya dawa ya meno, msikilizaji anataka kujua nini kingine kimo kwenye dawa ya meno na kama kina madhara. Makala ya wakulima wanaohamia kina kirefu haina jibu la hilo. Mwaliko ni mzuri, ila umempeleka mgeni kwenye nyumba ya jirani.

Mwandishi aliyekata tamaa huangukia hapa: "Alijua siku ile huenda asirudi." Msikilizaji atauliza haraka sana, "Nani? Alikufa?" Ukisoma makala, hakuna aliyekufa; kuna mama aliyekwenda shambani akarudi saa sita mchana kama kawaida. Huo ni ulaghai, na ninauona mara nyingi katika makala zetu za siku hizi kuliko hata ule utangulizi wa shule. Utangulizi wa shule unachosha. Huu unamfanya msomaji asikuamini kwenye aya zinazofuata, hata pale unaposema kweli tupu.

Basi arudi kwenye rasimu yake asome aya ya tatu na ya nne. Mara nyingi sentensi ya kwanza imelala huko, kwa sababu mwandishi hutumia aya mbili za mwanzo kupasha mkono moto. Katika rasimu yetu imo hii: "Kamba za mwani zilizokuwa zikifungwa pale maji yanapofika magotini sasa zinasogezwa mahali mguu haugusi chini, na wengi wa wanawake wanaozifunga hawajui kuogelea." Ijaribu. Jina la mada halibadiliki: huwezi kuweka kuku hapo. Ukiifuta, makala inapoteza kitu. Na msikilizaji anauliza, "Kwa nini wanazisogeza, kama hawajui kuogelea?" Hilo ndilo swali la makala nzima. Mada imetajwa waziwazi, mwani na wanawake na bahari vyote vimo, ila vimekuja vikiwa kazini.

Bado haijamalizika. Isomwe kwa sauti na mtu mwingine, na usikilize pumzi inapokatika. Hii ni ndefu; msomaji hutua baada ya "chini" na kile cha mwisho, kutojua kuogelea, hupita kama nyongeza. Ikate mbili: "Kamba za mwani zilizokuwa zikifungwa pale maji yanapofika magotini sasa zinasogezwa mahali mguu haugusi chini. Wengi wa wanawake wanaozifunga hawajui kuogelea." Sasa nukta inamsimamisha msomaji mahali unapotaka asimame. Kisha sentensi ya tatu ilipe deni mara moja: maji ya karibu na ufukwe yamepata joto ambalo kotonii haiwezi kulivumilia. Ukichelewesha jibu hili hadi ukurasa wa pili, umegeuza mwaliko kuwa kungoja foleni.

Kisha neno "wengi" lirudishwe kwenye daftari. Je, mwandishi aliwauliza wakulima aliokutana nao, au ameandika hivyo kwa kuwa sentensi inapendeza? Kama aliwauliza wawili tu, aseme hao wawili. Sentensi ya kwanza hubebeshwa uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo inayotiwa chumvi kwa urahisi zaidi, tena na mwandishi mwaminifu, kwa kuwa ameirekebisha mara nyingi hadi amesahau ilitoka wapi.

Kuna maandishi ambayo yasiguswe na haya yote. Habari ya kipindupindu kuingia wilayani itaje ugonjwa, mahali na la kufanya katika sentensi ya kwanza. Hapo anayekawia kwa madaha anaweza kumgharimu mtu maisha. Ripoti, tangazo la mkutano, maelezo ya dawa, ikisiri ya utafiti: msomaji wa hivyo ameshaingia mwenyewe, anatafuta jambo analolihitaji, na utangazaji ndio huduma anayoitaka. Jaribio la "inafuata nini" ni la makala, insha, hotuba na simulizi, ambako msomaji hana lazima ya kubaki.

Kwa hiyo, wewe mwenye makala mezani, usianze kwa kuipamba sentensi yako ya kwanza. Mpe jirani asiyejua mada aisome hiyo tu, muulize kinachofuata, na uandike swali lake neno kwa neno pembeni ya karatasi. Kama makala yako hailijibu swali hilo, badilisha mojawapo: sentensi au makala.