Bomba Jembamba, Maji Mbio

Katika slaidi za somo la mekanika ya vimiminika, kuna mchoro mmoja ambao haukosekani. Ni bomba lililolala, pana upande wa kushoto, likibanwa katikati, kisha likipanuka tena. Juu yake imesimamishwa mirija mitatu ya kioo, mmoja kwa kila sehemu, na maji yamepanda ndani ya kila mrija kuonyesha presha ya mahali hapo. Mwanafunzi akiulizwa kabla ya kuona jibu, mara nyingi husema maji yatapanda juu zaidi katika mrija wa katikati, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapobanwa. Slaidi inayofuata inaonyesha kinyume chake: mrija wa katikati ndio wenye maji ya chini kuliko yote.

Ili kuelewa hilo, ni vizuri kuanza na kasi. Watu wakitoka uwanja wa mpira kupitia lango dogo hupunguza mwendo, na magari yakifika mahali barabara inapopungua kutoka njia nne kuwa mbili hufanya foleni. Kwa nini basi maji yasifanye foleni? Kwa sababu watu wanaweza kusogeleana na magari yanaweza kukaribiana, lakini maji hayasongamani. Kupunguza ujazo wa maji kwa asilimia 1 tu kunahitaji presha kama ile iliyoko zaidi ya mita 2,000 chini ya bahari. Presha ya bomba la nyumbani haifiki popote karibu na hapo. Kwa hiyo, lita mbili zikiingia kwenye bomba lililojaa maji kwa sekunde moja, lita mbili lazima zitoke upande wa pili katika sekunde hiyohiyo, na lita mbili zipite kila mahali katikati. Njia ikiwa nyembamba, namna pekee ya kupitisha kiasi kilekile ni kwenda mbio.

Wahandisi huandika A₁v₁ = A₂v₂, yaani eneo la mkato wa bomba likizidishwa kwa kasi hutoa jibu lilelile kila mahali. Chukua bomba lenye kipenyo cha milimita 50 linalopungua hadi milimita 25. Kipenyo kimekuwa nusu, lakini eneo limekuwa robo, kwa hiyo maji yaliyokuja kwa mita 1 kwa sekunde yatapita kwenye wembamba kwa mita 4 kwa sekunde.

Sasa presha. Fikiria tone moja la maji linaloingia kwenye wembamba huo. Muda mfupi uliopita lilikwenda kwa mita 1 kwa sekunde, na punde litakwenda kwa mita 4. Hakuna kitu kinachoongeza mwendo bila kusukumwa, na ndani ya bomba lililolala hakuna wa kulisukuma tone hilo ila maji wenzake. Walio nyuma wanalisukuma mbele, walio mbele wanalisukuma nyuma. Likiongeza kasi, maana yake ni kwamba wa nyuma wanasukuma kwa nguvu zaidi kuliko wa mbele. Presha ya nyuma, kwenye upana, ni kubwa. Presha ya mbele, kwenye wembamba, ni ndogo. Hilo ndilo mrija wa katikati unaloonyesha.

Daniel Bernoulli alichapisha kitabu chake kuhusu mwendo wa maji mwaka 1738, na kanuni inayobeba jina lake hupima tofauti hiyo. Katika mfano wetu presha hupungua kwa paskali 7,500, sawa na maji kushuka kama sentimita 76 ndani ya mrija wa katikati. Mtu akiwa na rula anaweza kuiona bila chombo kingine chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mmarekani Clemens Herschel aliugeuza mshuko huo kuwa mita ya maji: ukijua presha imepungua kiasi gani, unajua maji yanapita kwa kasi gani. Aliiita kwa jina la Venturi, Mwitalia aliyechunguza mabomba ya namna hiyo karibu karne moja kabla yake.

Hata hivyo, slaidi ile hudhania jambo moja ambalo nyumbani si kweli: kwamba hakuna msuguano. Hapa ndipo wengi hupotea, wakiwamo watu wanaonunua bomba la nusu inchi kwa imani kwamba wembamba wake utaongeza presha ya maji ya bafuni.

Tuseme simtanki limewekwa juu ya mnara, na maji yake yako mita 5 juu ya ardhi. Yanateremka kupitia mpira wa urefu wa mita 30, wenye tundu la milimita 13. Ncha ikiachwa wazi, maji hutoka kivivu. Kwa makadirio ya kawaida ya msuguano, kasi yake ni kama mita 1.2 kwa sekunde, na ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika 2 na kidogo. Karibu presha yote iliyotokana na zile mita 5 imeliwa njiani na kuta za mpira.

Mtu akiziba robo tatu ya tundu kwa kidole gumba, maji yanaruka kwa zaidi ya mita 4 kwa sekunde, na ndoo inachelewa kwa sekunde kumi na kitu tu. Akiziba hadi ibaki sehemu moja ya ishirini, kasi inafika kama mita 9 kwa sekunde, lakini ndoo hiyo sasa inataka zaidi ya dakika 5. Kidole hakikuongeza presha kutoka popote. Kilipunguza maji yanayopita, maji yakatembea polepole ndani ya mpira, msuguano ukashuka, na presha iliyokuwa inaliwa njiani ikafika hadi kwenye kidole. Hata akibana namna gani, kasi haiwezi kuvuka mita 10 kwa sekunde, kwa kuwa ndiyo kasi ya juu kabisa inayoweza kutokana na kimo cha mita 5.

Ndiyo maana wembamba unafaa mwishoni, si njia nzima. Kwa kiasi kilekile cha maji, bomba lenye kipenyo mara mbili hupunguza presha inayopotea kwa msuguano kwa takribani mara 32. Kubadilisha mita 30 za nusu inchi kuwa inchi moja, na kubana kwenye koki tu, kunaleta tofauti ambayo hata anayeoga ataihisi.

Fundi bomba mwenye geji ya presha anaweza kujua tatizo liko wapi kabla ya kuvunja ukuta. Hufunga koki zote na kusoma geji karibu na bafu. Maji yaliyosimama hayana msuguano, kwa hiyo kimo cha mita 5 juu ya geji kinapaswa kuonyesha karibu kilopaskali 50. Ikionyesha chini ya hapo, pengine kimo halisi cha maji juu ya geji ni kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Ikisoma vizuri, hufungua koki moja na kuangalia tena. Mshale ukianguka ghafla, simtanki halina kosa, na kuinua mnara si mahali pa kuanzia. Kuna bomba jembamba mno njiani, au kutu na uchafu vimelifanya liwe jembamba, au vali moja haijafunguliwa hadi mwisho.