Kumweka panya na tembo kwenye mhimili mmoja

Panya mdogo wa nyumbani ana uzito wa gramu 20 hivi. Paka hufikia kilo 4, mtu mzima kilo 60, ng'ombe kilo 400, na tembo wa savana kilo 5,000. Tembo basi ni mzito kuliko panya mara 250,000. Namba zilizoachana kiasi hiki haziingii vizuri kwenye mhimili wa kawaida, ule ambao kila sentimita huongeza kiasi kilekile.

Tuseme mhimili una urefu wa sentimita 12 na kila sentimita ni kilo 500. Tembo atakaa kwenye sentimita ya 10 na ng'ombe kwenye milimita ya 8. Mtu atakuwa milimita moja na kidogo kutoka kwenye sifuri, na paka milimita 0.08 tu. Panya na paka watafunikwa na unene wa kalamu yenyewe. Grafu itaonyesha tembo mmoja na rundo la nukta chini.

Mhimili wa logariti hupanga namba kwa kuzidisha badala ya kujumlisha. Logariti ya namba ni kipeo cha kumi kinachoizalisha: ya 100 ni 2, ya 1,000 ni 3, na ya 400, iliyo katikati yao, ni 2.6. Mhimili uleule wa sentimita 12 ukianzia kilo 0.01 na kuishia kilo 10,000, una hatua sita za mara kumi, kila moja sentimita 2. Sasa panya anakaa kwenye sentimita 0.6, paka 5.2, mtu 7.6, ng'ombe 9.2 na tembo 11.4. Wote wanaonekana.

Faida hiyo ina gharama yake. Kwenye mhimili huu umbali unaolingana unamaanisha uwiano unaolingana, wala si tofauti inayolingana. Kutoka panya wa gramu 20 hadi wa gramu 40 ni milimita 6. Kutoka tembo jike wa kilo 3,000 hadi dume wa kilo 6,000 ni milimita 6 vilevile, kwa kuwa uzito umeongezeka mara mbili katika hali zote mbili. Msomaji asiyeambiwa atadhani gramu 20 na kilo 3,000 ni pengo moja.

Ndiyo maana maandishi ya pembeni yana kazi kubwa. Maelezo ya mhimili yataje kipimo na aina ya mhimili waziwazi: «Uzito kwa kilo, mhimili wa logariti, kila hatua ni mara 10». Alama ziandikwe kwa namba zenyewe, yaani 0.01, 0.1, 1, 10, 100 na kuendelea, kwa sababu anayeona -2, -1, 0, 1, 2 anaweza kuzichukua kuwa ndizo kilo. Alama ndogo za 2 na 5 kati ya hatua nazo husaidia, kwani bila hizo jicho hukadiria kwamba katikati ya 10 na 100 ni 55, wakati nukta iliyo katikati kabisa ni 32 hivi.

Umbo la grafu nalo linaweza kupotosha hata kama maandishi ni sahihi. Nguzo husomwa kwa urefu wake kutoka chini, lakini mhimili wa logariti hauna sifuri. Chini yake ni mahali alipochagua mchoraji. Ukianza kwenye kilo 0.01, nguzo ya tembo inakuwa ndefu mara 19 ya nguzo ya panya. Ukianza kwenye kilo 0.001 kwa hatua zilezile za sentimita 2, inakuwa mara 5 tu. Hakuna kati ya hizo iliyo karibu na 250,000. Nukta hazina kasoro hiyo, maana husomwa kwa mahali zilipo.

Kukosekana kwa sifuri huleta tatizo jingine pale vipimo vyenyewe vina sifuri, kama mtego wa mbu ambao usiku mmoja haukunasa hata mmoja. Programu nyingi hufuta nukta hiyo, na mitego mitupu hutoweka kwenye picha. Baadhi ya wachoraji huongeza 1 kwenye kila hesabu, jambo ambalo halibadili sana 1,000 lakini hugeuza 1 kuwa 2. Njia iliyo wazi zaidi ni kutenga nafasi chini ya mhimili, kuikata kwa alama ya mkato, kuiandika 0, na kueleza chini ya grafu ni mitego mingapi iliyowekwa hapo.

Mhimili wa logariti unafaa basi pale swali ni «mara ngapi?». Swali likiwa «kilo ngapi zaidi?», kama kwa anayepanga gari la kusafirishia ng'ombe, mhimili wa kawaida ndio unaojibu.