Mwenye nyumba anakuja kukagua, mpangaji yuko safarini

Chukua mfano wa mpangaji wa Leicester, Uingereza, mwenye asili ya Mombasa. Wakala amemwandikia kwamba atakuja Alhamisi kukagua nyumba. Usiku huohuo simu inaingia: kuna msiba nyumbani, na tiketi iliyopatikana ni ya Jumatano.

Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1985 inampa mwenye nyumba ruhusa ya kuingia kutazama hali ya jengo, mradi atoe taarifa ya maandishi ya saa 24 na aje kwa saa za kawaida. Haimlazimu mpangaji awepo. Ndiyo maana kunyamaza ni hatari: wakala anaweza kudai alikuwa na idhini, akaingia kwa ufunguo wake.

Barua pepe fupi yatosha. Mpangaji aseme kwamba hapingi ukaguzi, ataje siku ya kuondoka na ya kurudi, apendekeze tarehe mbili, kisha aombe jibu la maandishi. Tiketi si lazima kuiambatisha, ila humaliza ubishi.

Ukaguzi wa gesi ni jambo jingine. Huo hufanywa na fundi aliyesajiliwa, kabla ya miezi 12 kupita tangu wa mwisho, na mwenye nyumba akichelewa yeye ndiye anayevunja sheria. Tarehe hiyo ikikaribia, mpangaji asiombe kuahirishiwa. Amwachie ufunguo ndugu au jirani anayemwamini, na amjulishe wakala kwa maandishi nani atakayefungua mlango.