Nukta Inaposemwa

Karani anapokea ujumbe ulioandikwa kwa kusemwa na kompyuta ya ofisi ikaunasa neno kwa neno: "mzee mkato mzigo umefika nukta uzito ni tani mbili nukta tano nukta leta nukta mbili kamba mkato turubai na kufuli nukta utafika lini alama ya kuuliza"

Aanzie wapi? Na majina marefu. "Alama ya kuuliza" na "nukta mbili" hutafutwa kabla ya "nukta" tupu, akianza na fupi, amri ya kuleta itageuka "Leta. Mbili kamba". Kisha hutazama tarakimu. "Nukta" iliyo kati ya namba mbili tupu ni ya desimali, nayo haiachiwi nafasi. Alama nyingine hushikamana na neno lililotangulia, nafasi hufuata, na baada ya nukta au kiulizo huja herufi kubwa:

"Mzee, mzigo umefika. Uzito ni tani 2.5. Leta: kamba, turubai na kufuli. Utafika lini?"

Upatanisho wa kisarufi nao husaidia. Katika "tumepokea magunia mawili nukta matano yamebaki", hakuna desimali, kwa kuwa hakuna anayesoma 2.5 kama "mawili nukta matano". Hapo sentensi imekwisha.

Kigumu ni "nyaraka zimefika nukta mbili zimepotea". Mbili zimepotea, au ni nukta mbili kisha "zimepotea"? Maana inaelekea nyaraka mbili, lakini karani makini huirudia sauti, akisikiliza msemaji alipumua wapi.